Kufutwa kwa Makala za Utafiti katika Mapitio ya Machapisho

Kufutwa kwa makala ni tangazo rasmi la jarida, au la hazina ya rasimu, kwamba matokeo yaliyotolewa hayastahili tena kutegemewa, ama kwa kosa, ama kwa udanganyifu, ama kwa kukosekana takwimu za kuyathibitisha. Tangazo hilo haliwafikii wote: nakala zilizokwisha kupakuliwa hubaki katika tarakilishi za wasomaji, na aghalabu huendelea kunukuliwa na watu wasio na habari.

Kadhia ya ivamektini

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, Kwedizinga ikiwamo, ivamektini si dawa ngeni, kwani iligawiwa pamoja na albendazoli katika kingatiba ya matende na mabusha, na mgawaji alimsimamisha mtu kando ya fimbo ya kupimia urefu ili ajue idadi ya vidonge vinavyomstahiki. Kwa hiyo uvumi wa mwaka 2020 na 2021, kwamba dawa hiyo huponya UVIKO-19, uliikuta dawa iliyokwisha kuaminiwa kwa jambo jingine.

Nguzo kubwa ya uvumi huo ilikuwa rasimu ya Elgazzar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Benha, Misri, iliyowekwa katika hazina ya Research Square mwezi Novemba 2020 kabla ya kupitiwa na wahakiki, nayo ilidai kwamba vifo vilipungua kwa takriban asilimia 90. Mwanafunzi mmoja wa uzamili mjini London, aliyepewa rasimu hiyo kuwa zoezi la darasani, aliona kwamba sehemu za utangulizi zilifanana mno na maandishi ya watu wengine. Na jedwali la takwimu lilipofunguliwa, ikadhihirika kwamba baadhi ya waliohesabiwa miongoni mwa maiti walikuwa wamefariki kabla ya tarehe ya kuanza jaribio, na kwamba safu za wagonjwa zilirudiwa. Julai 2021 rasimu ikaondolewa.

Madhara, hata hivyo, yalikuwa yamekwisha kuenea. Hill na wenzake walikuwa wameiingiza rasimu hiyo katika uchambuzi wa pamoja wa majaribio, ulioonyesha vifo kupungua kwa asilimia 56, nao ukachapishwa Julai hiyo hiyo. Majaribio yenye shaka yalipotolewa, faida ile ya kuokoa maisha ikayeyuka; uchambuzi wa kwanza ukafutwa, na mwaka 2022 ukatoka mwingine uliopanga majaribio kwa kadiri ya uthabiti wake. Hapa ndipo wengi hukosea: humtupa Elgazzar, nao hawakumbuki kwamba namba yake ingali hai ndani ya kila uchambuzi ulioijumlisha.

Jinsi ya kuhakiki

Katika PubMed hutafutwa kwa maneno haya:

```
ivermectin AND "retracted publication"[pt]
```

Utafutaji huo unahusu makala zilizosajiliwa humo. Rasimu kama ya Elgazzar yaweza kupita bila kuonekana, hivyo yapaswa kufunguliwa ukurasa wake wa asili na kusomwa toleo lake la mwisho. Ikiwa makala ina namba ya DOI, Crossref huulizwa kama kuna tangazo lililosajiliwa juu yake, mathalan kwa uchambuzi wa Hill:

```
https://api.crossref.org/works?filter=updates:10.1093/ofid/ofab358
```

Jibu lililo tupu halithibitishi usafi wa makala. Lathibitisha tu kwamba hakuna tangazo lililosajiliwa. Tena marekebisho, tamko la shaka na ufutaji ni hukumu tatu zenye uzito tofauti, zisichanganywe. Uhakiki hufanywa wakati wa kukusanya marejeo, hurudiwa siku chache kabla ya kuyawasilisha mapitio, na tarehe yake huandikwa.

Kuishughulikia iliyofutwa

Utafiti uliofutwa hutolewa katika hesabu, huandikwa katika orodha ya yaliyoachwa pamoja na sababu yake, na jumla hukokotolewa upya, matokeo ya awali na ya sasa yakiwekwa bayana. Uchambuzi wa wengine ulioubeba nao hukokotolewa upya au huachwa. Lakini hukumu ihusu dai lililofutwa peke yake: kuanguka kwa rasimu ya Benha hakugusi ithibati ya ivamektini dhidi ya minyoo ya matende, na mwandishi wa mapitio ya kingatiba ya Handeni asiyetenganisha mambo hayo mawili humdhulumu msomaji wake.

Ushahidi dhaifu usio na alama ya kufutwa

Mwaka 1990 nchini Kenya ilitangazwa dawa ya Kemron kwa UKIMWI, kwa utafiti wa wagonjwa wachache usio na kundi la kulinganishia. Jaribio la Uganda lililofuata, lenye kundi hilo, halikuona faida. Utafiti wa namna ya ule wa kwanza hupimwa kwa muundo wake, hata kama hakuna aliyeufuta.