Uso wa pakiti ya mbegu

Uso wa pakiti ya mbegu ni upande wa mbele wa mfuko unaouziwa mbegu. Kazi yake ni kumwonyesha mnunuzi, kabla hajaufungua, ni zao gani limo ndani, linapandwaje na linapandwa mwezi gani. Mambo hayo huonyeshwa kwa picha na alama sahili, kwa kuwa pakiti husomwa haraka kwenye duka la pembejeo au gulioni, na mara nyingi anayeinunua siye atakayeipanda. Mfano unaofuatwa hapa ni pakiti ya kilo moja ya maharage kwa wakulima wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma.

Eneo la kupanda

Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay, ilikuwa sehemu ya Mbinga hadi mwaka 2012. Wilaya hizo mbili zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, lakini hali ya hewa yake ni tofauti sana. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali mashamba mengi ya Umatengo, wilayani Mbinga, yako juu ya mita 1,300. Maharage ya kawaida hupenda ubaridi. Kwenye joto la mwambao maua hupukutika na maganda huwa machache. Kwa hiyo alama ya kwanza inayohitajika ni ya mahali: mchoro wa mlima karibu na jina la zao. Katika pakiti ya zao linalofaa pande zote mbili, kama mahindi, mlima na mtumbwi, alama ya mwambao, huwekwa kila kimoja mbele ya mstari wake wa miezi. Katika pakiti ya maharage mstari wa mtumbwi huachwa kabisa. Ukichapwa ukiwa na visanduku vitupu, wapo watakaodhani kwamba mwezi wowote unafaa.

Picha ya zao

Picha huchukua karibu nusu ya juu ya uso. Inapaswa kuonyesha vitu viwili: mmea mzima, ili ijulikane kama ni maharage ya kichaka au ya kutambaa yanayohitaji miti, na punje katika ukubwa wake halisi. Punje ndiyo inayoamua ununuzi, kwa sababu walaji na wachuuzi hutofautisha maharage kwa rangi. Njano Uyole, aina iliyotokana na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, haiwezi kuuzwa kwa picha ya maharage mekundu.

Tatizo hutokea mbegu inapokuwa imetiwa dawa. Dawa huchanganywa na rangi, mara nyingi nyekundu au ya waridi, ili mtu asile mbegu hiyo. Mnunuzi anayeona punje za njano kwenye picha na za waridi ndani ya mfuko huhisi ametapeliwa. Suluhisho ni kuweka punje mbili kando kwa kando, ya mavuno na ya kupanda, na chini ya ile ya pili kuchora chungu kilichokatwa kwa mstari mnene. Onyo hilo hukaa mbele, si nyuma ya pakiti.

Maelekezo ya kupanda

Chini ya picha huja michoro mitatu au minne, inayosomwa kutoka kushoto kwenda kulia na kupewa namba. Ugumu wa Mbinga uko hapa. Kipimo kinachochapwa kwa kawaida, cha mistari iliyoachana sentimita 50 na mbegu kila baada ya sentimita 10, kinafaa shamba tambarare. Wamatengo hupanda maharage mengi kwenye ngoro. Nyasi hukatwa na kuachwa zikauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatizana na kufanya miraba ya takriban mita moja na nusu hadi mbili. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi, na hivyo shimo huzungukwa na matuta manne. Mbegu hutawanywa juu ya matuta na kufunikwa kwa udongo mwembamba. Mchoro wa mistari iliyonyooka haulingani na shamba hilo, na mkulima hupita bila kuuzingatia.

Mchoro unaofaa ni tuta lililokatwa kwa upande: nyasi chini, udongo juu yake, mbegu ndani ya udongo. Kina cha sentimita 3 hadi 5 huonyeshwa kwa kidole kilichozama hadi baina ya pingili ya kwanza na ya pili, maana kidole kipo shambani wakati wote na rula haipo. Shamba la mistari hupewa mchoro wake wa pili.

Alama za maji na jua zinahitaji uangalifu. Tone moja la maji, lililokusudiwa kumaanisha mvua, linaweza kueleweka kuwa agizo la kumwagilia. Wingu lenye michirizi halina utata huo. Jua lililokusudiwa kuonyesha kiangazi linaweza kusomwa kuwa saa ya kupanda.

Kalenda

Miezi huonyeshwa kwa visanduku 12 vyenye namba, si herufi za mwanzo, kwa sababu watu husema mwezi wa tatu na mwezi wa sita kila siku, na herufi M na J hurudiwa. Mstari huanza na 11 na kuishia na 10, ili msimu usikatwe vipande viwili. Wingu hukaa juu ya visanduku 11 hadi 4. Kwa maharage ya ngoro, mkono unaodondosha mbegu hukaa juu ya 3, na kikapu cha mavuno juu ya 6 na 7. Mahindi yanayofuata kwenye ngoro zilezile hupandwa mwezi wa 11 au 12, lakini hayaingizwi katika kalenda hii. Visanduku hutofautishwa kwa kujazwa wino au kuachwa vitupu, si kwa kijani na nyekundu, kwani rangi hupauka juani.

Uchapaji na majaribio

Mfuko uliojaa hutuna, na kingo zake hugeuka pembeni. Kalenda iliyotandazwa upana wote hupoteza miezi ya mwanzo na ya mwisho, hivyo huachiwa nafasi ya sentimita mbili kila upande. Mistari ya michoro isipungue nusu milimita, la sivyo hufifia au kugandana kwenye plastiki. Sehemu tupu huachwa kwa lebo ya TOSCI, taasisi inayothibiti ubora wa mbegu nchini, ili isije ikabandikwa juu ya miezi.

Kabla ya kuchapa, nakala huonyeshwa kwa watu mmojammoja, wakulima wa kike na wa kiume, bila maelezo. Kila mmoja huombwa kusema angefanya nini na mbegu hiyo na lini. Kigezo cha Marekani cha alama za usalama hutaka asilimia 85 waelewe, na wasiozidi asilimia 5 waelewe kinyume. Idadi hiyo ya pili ina uzito zaidi: asiyeelewa alama humuuliza jirani au afisa ugani, bali aliyeielewa kinyume hupanda mwezi usiofaa au hupika mbegu yenye dawa. Alama inayoeleweka kinyume huchorwa upya na kujaribiwa kwa watu wengine ambao hawajaiona.