Waliofikiwa

Katika kabrasha la udhamini, ule waraka wa kurasa mbili tatu ambao mwenye chaneli humpelekea mwenye bidhaa, neno hili lina uzito kuliko "wafuasi". Mfuasi ni mtu aliyebonyeza kitufe siku moja, pengine miaka minne iliyopita. Aliyefikiwa ni yule ambaye video yenyewe ilimpitia machoni. Akiitazama mara tatu, aliyefikiwa bado ni mmoja, ingawa imetazamwa mara tatu. Ukizichanganya hesabu hizo, meneja masoko atagundua atakapoomba picha ya skrini ya takwimu zako.

Tuseme mpishi wa Tanga ana wafuasi 40,000. Video zake za siku 30 zilizopita zimefikia wastani wa watu 6,000 kila moja, na 480 kati yao wameipenda, wametoa maoni au wameihifadhi. Kwa waliofikiwa hiyo ni asilimia 8. Kwa wafuasi ni asilimia 1.2. Zote ni sahihi, ila lazima aandike amegawanya kwa hesabu ipi. Aonyeshe pia watu hao wanaishi wapi, maana mwenye duka la Tanga hatawauzia unga watazamaji wa Muskati. Kwa kazi iliyopita, aseme msimbo wa punguzo ulitumiwa na wateja wangapi.

Akitoza shilingi 300,000 kwa video, kila aliyefikiwa anamgharimu mdhamini shilingi 50. Ruhusa ya kuitumia video hiyo katika matangazo ya kulipia iandikwe kando, kwa bei yake na muda wake.