Uganda: Kodi ya pango na umeme wa duka siku ya kufunga hesabu

Mwaka wa fedha wa Uganda humalizika tarehe 30 Juni, na wenye maduka wengi hufunga vitabu vyao siku hiyohiyo. Kodi ya pango na umeme havijui tarehe hiyo. Mwenye nyumba amekwisha kupokea fedha za miezi ambayo haijafika, na kampuni ya umeme bado inadai fedha za siku ambazo taa zilikwisha kuwaka. Anayefunga hesabu kwa kujumlisha tu alicholipa hupata faida isiyo ya kweli.

Wahasibu hutatua jambo hili kwa kanuni moja: gharama huwekwa katika kipindi ambacho huduma ilitumika, bila kujali fedha zilitoka lini. Kilicholipwa kabla ya kutumika huitwa malipo ya awali, nacho ni mali ya duka, kwa kuwa duka bado lina haki ya kukaa katika nyumba ile. Kilichotumika kabla ya kulipiwa huitwa malimbikizo ya gharama, nacho ni deni.

Tuchukue mfano wa duka la vyakula mjini Mbarara, la washirika wawili wanaogawana faida nusu kwa nusu. Mmoja anajitoa tarehe 30 Juni 2025, na wamekubaliana kwamba atachukua nusu ya faida ya mwaka ulioanza tarehe 1 Julai 2024. Baada ya kutoa gharama ya bidhaa na matumizi mengine yote isipokuwa pango na umeme, zimebaki shilingi 13,000,000. Kwa hiyo, haki ya kila mmoja inategemea tarakimu mbili zilizobaki.

Pango hulipwa kila miezi sita, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Aprili. Oktoba 2024 walilipa shilingi 3,000,000, yaani 500,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akapandisha kodi, na Aprili 2025 wakalipa 3,600,000, yaani 600,000 kwa mwezi, hadi mwisho wa Septemba. Fedha zilizotoka mwakani ni 6,600,000. Lakini siku ya kufunga, miezi mitatu ya malipo ya mwisho, Julai hadi Septemba 2025, bado haijatumika. Hiyo ni 1,800,000 ya malipo ya awali, ambayo huondolewa katika gharama na kuandikwa katika mizania kama mali.

Hapa ndipo wengi husimama, na hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Julai, Agosti na Septemba 2024 duka lilikuwa wazi, na pango la miezi hiyo lililipwa Aprili 2024, katika mwaka uliotangulia. Mwaka ule ulipofungwa, 1,500,000 ziliandikwa kama malipo ya awali. Sasa zimetumika, hivyo ni lazima zirudishwe katika gharama za mwaka huu. Hesabu kamili ni 1,500,000 za mwanzo, kujumlisha 6,600,000 zilizolipwa, kutoa 1,800,000 za mwisho. Gharama ya pango ni 6,300,000.

Ipo njia rahisi ya kupima jibu hilo. Miezi tisa ya 500,000 na miezi mitatu ya 600,000 hufanya 6,300,000. Aliyesahau salio la mwanzo angepata 4,800,000, ambayo ukiigawa kwa miezi 12 unapata 400,000 kwa mwezi. Hakuna mwezi wowote ambao nyumba ile ilikodishwa kwa bei hiyo. Wastani ukitoka nje ya bei zinazojulikana, salio mojawapo limesahauliwa au limeingizwa upande usio wake.

Ikiwa mwenye nyumba anashikilia pia amana ya kurejeshwa siku ya kuhama, amana hiyo haiingii katika hesabu hii. Haiishi kwa kupita miezi. Hubaki mali ya duka hadi irudishwe.

Umeme huenda kinyume. Duka hili bado lina mita ya zamani, inayosomwa kila mwezi na kuletewa ankara baadaye. Mwakani walilipa jumla ya shilingi 1,140,000, lakini 130,000 kati ya hizo, zilizolipwa Julai 2024, zilikuwa za umeme uliotumika kabla ya mwaka kuanza. Hizo hutolewa. Siku ya kufunga, ankara ya usomaji wa tarehe 12 Juni 2025, ya shilingi 96,000, ilikuwa haijalipwa. Aidha, kulikuwa na siku 18, kuanzia tarehe 13 hadi 30 Juni, ambazo hazikuwa na ankara yoyote.

Siku hizo ndizo husahauliwa, kwa kuwa hakuna karatasi inayozikumbusha. Ankara iliyokuja Julai ilihusu siku 30, tarehe 13 Juni hadi 12 Julai, nayo ilikuwa ya shilingi 105,000. Sehemu ya siku 18 ni 63,000. Kugawa kwa siku kunatosha ikiwa matumizi hayabadiliki. Lakini kama jokofu la vinywaji liliongezwa mwanzoni mwa Julai, sehemu ya Juni itakuzwa isivyo haki. Dawa yake ni kusoma mita jioni ya tarehe 30 Juni na kuandika tarakimu zake daftarini.

Malimbikizo ya mwisho basi ni 96,000 na 63,000, jumla 159,000. Gharama ya umeme ni 1,140,000, kutoa 130,000, kujumlisha 159,000: shilingi 1,169,000. Haijalishi kwamba usambazaji ulihama kutoka Umeme kwenda UEDCL Aprili 2025. Kinachohesabiwa ni umeme uliotumika, wala si jina lililo juu ya ankara.

Maduka mengi zaidi sasa hutumia mita za Yaka, ambazo hulipiwa kabla, na hapo umeme hugeuka kuwa malipo ya awali kama pango. Yuniti 40 zilizobaki kwenye mita, kwa shilingi 600 kila moja, ni 24,000. Kwa duka la ukubwa huu, kiasi hicho kinaweza kuachwa bila kupotosha hesabu, mradi kiachwe kila mwaka.

Faida ya kweli ya duka la Mbarara ni 13,000,000 kutoa 6,300,000 na 1,169,000, yaani 5,531,000. Anayeondoka anastahili 2,765,500. Kama wangetumia fedha zilizolipwa tu, faida ingekuwa 5,260,000, naye angepunjwa 135,500. Kama wangerekebisha masalio ya mwisho na kusahau yale ya mwanzo, faida ingeonekana 6,901,000, naye angeondoka na 685,000 zisizo zake. Marekebisho nusu yamezaa kosa kubwa kuliko kutorekebisha kabisa.

Wafanyabiashara wadogo husema kazi hii haina maana kwao, kwa kuwa nchini Uganda kodi ya mapato ya wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 150 kwa mwaka kwa kawaida hukadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwa mkusanya kodi wana hoja. Kwa mshirika anayedai chake, hawana.

Tarehe 1 Julai, ukurasa wa pango katika leja hufunguliwa kwa 1,800,000 upande wa kushoto, wa gharama, na ukurasa wa umeme kwa 159,000 upande wa kulia, wa deni. Ankara za Juni na Julai zikilipwa, deni lile litajifuta lenyewe, na zitabaki 42,000 za siku 12 za Julai, ambazo ni gharama ya mwaka mpya.