Mteja wa kadi akidai arudishiwe fedha: Mwenye biashara ajibu vipi, na kwa muda gani?

Ukipokea malipo ya mteja kwa kadi ya Visa au Mastercard, fedha kuingia kwenye akaunti yako siyo mwisho wa habari. Mteja anaweza kwenda benki yake akasema huduma hakuipata, au haikuwa kama alivyoahidiwa. Benki yake itadai fedha kwa benki yako, na benki yako itazikata kwako hata kabla hujasikilizwa. Wenyewe wanaita chajibaki. Kwa kawaida mteja ana siku 120 za kulalamika, na kwa huduma iliyopangwa kufanyika baadaye, siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ambayo huduma ilitakiwa kutolewa.

Tuchukue mfano. Kikundi cha waongoza watalii mjini Lushoto kinauza matembezi ya siku tatu kwenye milima ya Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae. Mgeni kutoka Ujerumani analipa dola 360 kwa kadi, akitembea tarehe 10 hadi 12 Novemba. Usiku wa kwanza analala Lukozi, wa pili Rangwi. Siku ya tatu mvua ya vuli inaharibu njia, mwongozaji anasitisha safari na mgeni anapanda gari kurudi. Tarehe 8 Januari kikundi kinapata barua pepe ya benki: dola 360 zimekatwa, sababu ni 13.1, na majibu yafike kabla ya tarehe 18 Januari.

Soma namba ya sababu kwanza

Namba hiyo ndiyo swali unaloulizwa. Kwa Visa, 13.1 maana yake mteja anasema huduma hakuipata. 13.3 anasema aliipata lakini haikuwa kama ilivyoelezwa. 13.7 anasema alighairi na fedha hazikurudishwa. Mastercard huweka malalamiko ya aina hii chini ya namba moja, 4853, kwa hiyo hapo soma maelezo ya mteja yaliyoambatanishwa.

Kila swali lina jibu lake. Kwa 13.1 unathibitisha kwamba huduma ilitolewa. Kwa 13.3 unaweka ulichoahidi na ulichotoa kando kwa kando. Kwa 13.7 unaonyesha kwamba masharti ya kughairi mteja aliyaona na kuyakubali kabla ya kulipa.

Wengi hushindwa hapa. Wanatuma uthibitisho kwamba mteja aliweka namba ya siri, au risiti ya EFD, wakidhani wamemaliza. Lakini mgeni wetu hakatai kwamba alilipa. Anasema hakupewa alicholipia. Risiti inaonyesha mauzo, haionyeshi kwamba mtu alitembea Usambara.

Pigania kile ulichokitoa

Mgeni amedai dola zote 360, ilhali alitembezwa siku mbili kati ya tatu. Kanuni ya Visa kwa 13.1 ni kwamba madai yasizidi thamani ya sehemu ambayo haikutolewa. Bei ilikuwa dola 120 kwa siku, na masharti ya kikundi hayakusema chochote kuhusu siku inayokatizwa na mvua. Basi kikundi kinakubali dola 120 za siku ya tatu na kupinga 240. Kung'ang'ania zote kungempa mteja sababu ya kuonyesha kwamba barua yenu si ya kweli, na msomaji akishaanza kuwatilia shaka, hata zile siku mbili zinaweza kupotea.

Sehemu hiyo unayoikubali usimtumie mteja kwa njia nyingine. Fedha zimeshakatwa kwako. Ukimrudishia tena kwa simu au kadi, umelipa mara mbili. Kama ulimrudishia kabla ya madai kufika, ambatanisha uthibitisho wa muamala huo.

Fungu la ushahidi

Anayeamua hatakupigia simu wala hatafika Lushoto. Anasoma karatasi tu, na anasoma nyingi. Mpe faili moja la PDF lenye barua ya ukurasa mmoja mbele, kwa Kiingereza, na viambatanisho vilivyopewa namba. Kama ushahidi uko kwa Kiswahili, andika tafsiri fupi chini yake.

Barua ya kikundi chetu inasema mambo manne: tunapinga dola 240 na kukubali 120, mgeni alitembea tarehe 10 na 11, ushahidi ni kiambatanisho cha 1 hadi 4, siku ya tatu ilikatizwa na mvua. Maneno ya hasira yabaki nyumbani.

Viambatanisho ni hivi. Cha kwanza ni uthibitisho wa nafasi, wenye ratiba ya kila siku na bei. Cha pili ni risiti ya kuingia msitu wa Magamba iliyotolewa siku ya kwanza na Wakala wa Huduma za Misitu. Cha tatu ni kurasa za vitabu vya wageni vya Lukozi na Rangwi zenye sahihi ya mgeni, huku namba ya pasipoti ikifichwa. Cha nne ni mazungumzo ya WhatsApp ya jioni ya tarehe 11, ambapo mgeni anaandika kwamba amefika Rangwi na amechoka.

Ushahidi uliotoka kwa mtu wa tatu, kama ile risiti ya msitu na vitabu vya nyumba za wageni, una uzito kuliko maelezo yako mwenyewe. Picha za skrini zionyeshe namba ya simu, tarehe na mazungumzo yanayofuatana, siyo mstari mmoja uliokatwa. Usiweke namba kamili ya kadi ya mteja popote.

Siku zako siyo siku za benki

Unaweza kusikia kwamba Visa inatoa siku 30 za kujibu na Mastercard siku 45. Hizo ni za benki yako, nayo inahitaji muda wa kukagua na kuwasilisha. Wewe una tarehe iliyoandikwa kwenye barua yako tu. Ikipita, madai yanahesabiwa kuwa umeyakubali, hata kama ushahidi ulikuwa mezani.

Kikundi kilipewa siku kumi. Siku ya kwanza kinajibu benki kwamba kitapinga. Siku mbili zinazofuata kinawatuma watu Lukozi na Rangwi kupiga picha vitabu. Siku ya tano faili linakamilika, siku ya sita linatumwa, na kinadai ujumbe wa benki unaothibitisha kupokea. Siku zinazobaki ni za kurekebisha iwapo benki itasema faili halifunguki. Usitume nusu ukitegemea kuongeza baadaye, kwa sababu huenda usipate nafasi nyingine.

Benki ya mteja ikiridhika, dola 240 zinarudi. Isiporidhika, shauri linaweza kufika kwa mtandao wa kadi wenyewe kuamuliwa, na anayeshindwa huko hulipa ada ya mamia ya dola. Kwa dola 240, kikundi kiulize benki kuhusu ada hiyo kabla ya kukubali kuendelea.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kurasa zile za Lukozi na Rangwi zilipatikana kwa sababu mgeni alitakiwa kusaini usiku uleule alipofika.