Upanuzi wa Ulizo: Msomaji Anaandika "Presha", Waraka Unasema "Shinikizo la Damu"

Mtu aliyepimwa kwenye duka la dawa akaambiwa presha yake imepanda hatafuti habari za "shinikizo la juu la damu". Anachukua simu na kuandika "presha imepanda". Kipeperushi ambacho kingemfaa kuliko vyote huenda kimo humo humo kwenye hazina anayoitafuta, lakini aliyekiandika alifundishwa kwamba presha ni neno la mtaani, akalikwepa tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Injini ya utafutaji iliyo sahili hufanya kazi kwa faharasa, yaani orodha ya maneno na nyaraka ambamo kila neno limo. Inafungua ukurasa wa "presha", inakuta kipeperushi hakimo, inapita.

Kazi ya kuziba pengo hilo ndiyo ninayoiita upanuzi wa ulizo. Ulizo ni yale maneno anayoyaandika mtafutaji. Wapo wanaopendelea "hoja", na utaikuta kwenye menyu za programu kadhaa, lakini mimi naona imekwisha kushikwa na bunge na mantiki: hoja hujengwa, hutetewa na kupingwa, ilhali mtu anayetafuta dawa ya presha hatetei lolote, anauliza tu. Kupanua ulizo ni kuliongezea maneno mengine kabla halijapelekwa kwenye faharasa, huku maneno ya mwanzo yakibaki. Hapo ndipo upanuzi unapotofautiana na usahihishaji wa tahajia, ambao huondoa neno na kuweka jingine. Maneno yanayoongezwa mara nyingi ni visawe. Si lazima yawe visawe, na nusu ya matatizo ya fani hii hutokana na kudhani kwamba ni lazima.

Uzito wa pengo lenyewe ulionekana wazi mwaka 1985, David Blair na M. E. Maron walipochapisha matokeo ya jaribio lao la mfumo wa IBM ulioitwa STAIRS. Mfumo ulikuwa umewekewa nyaraka zipatazo 40,000 za kesi moja kubwa, na waliokuwa wakiutumia walikuwa mawakili na wasaidizi wao, watu walioijua kesi hiyo nje ndani. Mawakili walitaka wapatiwe angalau asilimia 75 ya nyaraka zilizohusika, na waliamini kwamba wanazipata. Walikuwa wakipata kama asilimia 20. Moja ya sababu ilikuwa ya kibinadamu kabisa. Waliotafuta ajali waliandika "ajali", kumbe watu waliohusika nayo, na ambao huenda wangelaumiwa, waliiita tatizo au hali ya kusikitisha, au waliandika tu kwamba wanajibu lile lililotajwa katika barua iliyotangulia. Kinachonitisha zaidi katika habari hii ni ile imani ya mawakili. Waraka uliokosekana hauachi alama kwenye skrini. Matokeo yaliyopatikana yalikuwa mazuri, kwa hiyo hakuna aliyeshuku.

Turudi kwenye presha, tuifanyie kazi hatua kwa hatua. Tuseme tuna hazina ya nyaraka 1,000 za Kiswahili, mchanganyiko wa vipeperushi vya afya na habari za magazeti. Namba ni za mfano, ila mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaopatikana kweli, kwa kuwa nyaraka za Kiswahili zilizokusanywa kwa wingi ni za magazeti. Neno "presha" limo katika nyaraka 40, na "shinikizo la damu" limo katika 10.

Mtu mwenye haraka hufungua kamusi, akaona presha ni shinikizo, akaandika kwenye faili la visawe kwamba maneno hayo mawili ni sawa. Siku hiyohiyo mtafutaji wa presha anaanza kuletewa habari za waziri aliyejiuzulu kwa shinikizo la wapinzani na za nchi iliyowekewa shinikizo la kiuchumi. Kosa ni kwamba kisawe cha "presha" katika afya si "shinikizo". Ni "shinikizo la damu", maneno matatu yasiyotenganishwa. Kwa hiyo mfumo lazima uyatafute kama kirai kizima, yakifuatana kwa mpangilio huohuo. Jambo hili linaonekana dogo hadi utakapokutana na mfumo unaoondoa maneno mafupi kama "la" na "ya" kabla ya kufikia visawe. Kanuni yako ya maneno matatu inasubiri "la" ambalo limekwisha kutupwa, haifanyi kazi kamwe, na wala haitoi onyo.

Kosa la pili ni la mwelekeo. Ukisema maneno mawili ni sawa, umeruhusu safari ya kwenda na ya kurudi. Anayeandika "presha" kwa kawaida atafurahi kuletewa "shinikizo la damu". Anayeandika "shinikizo la damu" ameshataja anachotaka bila utata wowote, na ukimwongezea "presha" unamletea habari za presha ya tairi, presha ya macho, na kurasa nyingi za michezo, maana hakuna mechi ya Simba na Yanga inayoandikwa bila presha. Neno lenye maana nyingi hupanuliwa kuelekea lenye maana moja, si kinyume chake. Katika Solr na Elasticsearch, mifumo miwili inayotumika sana kujenga utafutaji, mwelekeo huo huandikwa kwa mshale:

```
presha => presha, shinikizo la damu
```

Neno la kushoto limerudiwa kulia kwa makusudi. Ukilisahau, mfumo utalifuta na kuweka kirai peke yake, na nyaraka zenye "presha" bila kirai hicho zitatoweka kwenye matokeo. Mkato ukiwekwa bila mshale, maneno yote huhesabiwa kuwa sawa kwa pande zote mbili.

Je, mwenye "shinikizo la damu" akose vipeperushi vizuri vilivyoandikwa kwa lugha ya kawaida? Hapana, ila yeye aongezewe kirai chembamba kama "presha ya kupanda" au "ugonjwa wa presha", si neno tupu.

Tatizo la tatu halionekani kwenye faili la visawe. Liko kwenye upangaji wa matokeo. Injini nyingi hulipa uzito mkubwa kila neno lililo adimu, kwa hoja kwamba neno lililo katika nyaraka chache linatofautisha zaidi. Kwa kanuni ya BM25, ambayo ndiyo ya kawaida siku hizi, neno lililo katika nyaraka 40 kati ya 1,000 lina uzito wa takriban 3.2, na lililo katika 10 lina 4.6. Tukikihesabu kirai chetu kama neno moja ili hesabu iwe nyepesi, tumemkweza mgeni juu ya mwenyeji: neno ambalo mtafutaji hakuliandika lina nguvu kuliko aliloliandika. Halafu waraka wenye maneno yote mawili hujumlisha, 3.2 na 4.6, ukapata 7.8. Waraka wa aina hiyo ni upi? Mara nyingi ni orodha ya istilahi za hospitali, au ukurasa wa kamusi unaosema presha tazama shinikizo la damu. Ukiona kamusi na orodha za maneno zimepanda hadi juu ya matokeo baada ya kuweka visawe, umeipata dalili hii.

Dawa yake ni kuvihesabu visawe vyote kama neno moja lenye tahajia kadhaa. Ikiwa nyaraka 5 zina maneno yote mawili, basi kundi zima limo katika nyaraka 45, na uzito wake ni kama 3.1. Uzito huo mmoja hupewa waraka wowote wenye neno lolote la kundi, na hakuna anayelipwa mara mbili kwa kurudia maana ileile. Kwa visawe vya neno mojamoja, Lucene, maktaba iliyo chini ya mifumo hiyo miwili, hufanya jambo linalokaribia hilo yenyewe. Kwa virai haifanyi hivyo, na mwenye kupanga mfumo hana budi kupunguza uzito wa kirai kwa mkono.

Ipo njia isiyohitaji faili la visawe. J. J. Rocchio alipendekeza kwamba mtafutaji aoneshe nyaraka zilizomfaa, na mfumo uchukue maneno yake na kuyaongeza kwenye ulizo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1971. Baadaye ikaja njia ya mkato: mfumo udhani tu kwamba nyaraka chache za kwanza zinafaa, bila kumuuliza mtu. Nyaraka za juu zikiwa vipeperushi, utavuna "chumvi", "kipimo" na "kiharusi", na mavuno hayo ni mazuri kuliko kamusi yoyote. Zikiwa za michezo, utavuna "kocha" na "dakika", na ulizo litahamia uwanjani moja kwa moja. Kwa hazina iliyojaa magazeti mimi siithubutu bila kwanza kutenga nyaraka za afya.

Namna ya kujua kama upanuzi umesaidia ni kusoma wageni. Endesha ulizo bila visawe, kisha navyo, halafu ondoa nyaraka zilizomo katika orodha zote mbili. Zilizobaki ndizo zilizoletwa na visawe. Soma 20 za kwanza. Wastani wa mfumo mzima unaweza kupanda huku ulizo moja muhimu limeharibika, na kusoma wageni ndiko kunakolifichua.

Kuna maneno ambayo hata kanuni ya mshale haiyatoshi. Degedege ni mojawapo. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta wazazi wengi wakiiona kuwa ugonjwa wa pekee, usiohusiana na malaria, na wengine wakiwapeleka watoto kwa waganga kwanza. Mzazi akiandika "degedege", vipeperushi vya malaria kali vinafaa sana kumfikia. Lakini degedege si kisawe cha malaria: ni mtukutiko, na mtoto hutukutika pia kwa homa ya uti wa mgongo, kwa kifafa, au kwa homa kali ya chanzo kingine. Kuandika `degedege => malaria` ni kutoa utambuzi wa ugonjwa kimyakimya, ndani ya faili ambalo mzazi hatalisoma. PubMed, hazina ya makala za tiba, humpeleka anayeandika jina la kawaida la shambulio la moyo kwenye jina la kitaalamu lililo katika orodha ya MeSH, lakini pia humruhusu kulifungua na kuliona ulizo lilivyopanuliwa. Kwa degedege ningefanya zaidi ya hapo: niache ulizo lilivyo, nimletee mzazi nyaraka zinazotaja degedege au mtukutiko, kisha kando yake, kwa sentensi inayosomeka, niweke viungo vya malaria kali na homa ya uti wa mgongo, pamoja na maelezo kwamba mtoto anayetukutika apelekwe kituo cha afya mara moja.