Kuacha, Kuachia na Kuua

Nilipewa tafsiri ya kitabu cha maadili ya tiba niipitie kabla haijapigwa chapa, na katika ukurasa mmoja nikakuta sentensi hii: "Mgonjwa aliruhusiwa kufa." Nikaweka kalamu mezani. Kwa yeyote aliyewahi kuuguza, mgonjwa aliyeruhusiwa ni yule aliyekwisha kufunga kibunda chake, amekabidhiwa cheti na dawa za kwenda nazo, na ndugu wako nje na bajaji wanamsubiri. Aruhusiwe kufa? Na ruhusa hiyo ameitoa nani?

Mfasiri hakuwa mzembe. Alikuwa anapambana na istilahi ambayo wanafalsafa wa maadili wamebishana juu yake kwa zaidi ya nusu karne: tofauti kati ya kutenda dhara na kuliacha litokee, na hasa sura yake kali kuliko zote, kati ya kumuua mtu na kumwacha afe. Neno "ruhusu" linaiharibu tofauti hiyo tangu mwanzo. Anayeruhusu ana mamlaka, ameombwa, akakubali. Mtu anayepita kando ya mto akamwona mwenzake anazama, naye asifanye lolote, hakumruhusu azame. Amemwacha. Kwa hiyo neno la kwanza la istilahi hii ni "kuacha", na kama mambo yangeishia hapo nisingeandika makala.

Tatizo ni kwamba "kuacha" lina mambo mawili ndani yake. Mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, aliliona hilo mwaka 1967 katika makala iliyouanzisha upya mjadala huu wote. Alisema kuna kuacha kwa maana ya kutozuia: jambo linakwenda lenyewe, ungeweza kulisimamisha, hukulisimamisha. Na kuna kuacha kwa maana ya kuondoa kizuizi kilichokuwa kinalishikilia jambo lisitokee, kama mtu anayechomoa kizibo maji yakamwagika. Katika maana zote mbili nguvu inayoleta dhara haikuanza na wewe. Lakini katika ya pili mkono wako umefanya kazi.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo mfasiri yule hakuitumia. Sisi hatuachi tu, tunaachia. Aliyeshika kamba akaiachia, aliyekuwa na ndege mkononi akamwachia, bwawa lililojaa likaachiwa maji. Katika kila mfano kuna kitu kilikuwa kimezuiliwa, na sasa kizuizi kimeondoka. Ndiyo maana napendekeza "kuacha" libaki kwa kutozuia, "kuachia" litumike kwa kuondoa kizuizi, na "kutenda dhara" au "kuua" liwe kwa yule aliyeianzisha au kuiendesha nguvu inayodhuru. Wapo wanaotaka kutumia "kufisha" badala ya kuua ili istilahi ifanane na shina la kufa. Siliungi mkono. Kauli ya kutendesha kwetu ni pana mno: askari anayepitisha magari kwenye kizuizi huenda anayaongoza, huenda ameyaacha tu yapite. Neno tunalolitaka litenganishe mambo haya haliwezi kuwa lile linaloyachanganya.

Sasa tuone kama tofauti yenyewe ina uzito. James Rachels, Mmarekani, alisema haina. Mwaka 1975 alichapisha makala fupi katika jarida la madaktari la Nyuingilandi, yenye kisa cha wanaume wawili, kila mmoja akiwa na binamu wa miaka sita ambaye kifo chake kitamletea urithi. Wa kwanza anaingia bafuni mtoto akioga, anamzamisha. Wa pili anaingia kwa nia ileile, lakini kabla hajafanya kitu mtoto anateleza, anagonga kichwa, uso unazama majini. Yule bwana anasimama pale anamtazama, tayari kumkandamiza akiinua kichwa, mpaka mtoto anatulia. Mmoja ameua, mwingine ameacha. Nani atathubutu kusema wa pili ni afadhali? Basi, akasema Rachels, kama tofauti hapa haibadilishi kitu, yenyewe kama yenyewe haina uzito, na madaktari waache kujificha nyuma yake.

Kisa hiki kinashika, nami kilinishika kwa miaka. Lakini hoja yake ina ufa. Ukitia kijiko cha chumvi baharini, hakuna atakayeonja tofauti, ila hilo halithibitishi kwamba chumvi haina ladha. Kitie kijiko hichohicho katika kikombe cha chai uone. Nia ya wale wanaume wawili ni mbaya kiasi kwamba inafunika kila kitu kingine. Tofauti ya kuua na kuacha inabidi ionjwe mahali ambapo nia ni njema, na Foot alipaleta mahali hapo. Mwokozi ana gari, watu watano wako ufukweni maji yanajaa, na upande mwingine kuna mtu mmoja anayezama pia. Akienda kwa watano, yule mmoja atakufa, na wengi wetu tutasema ni huzuni lakini amefanya sawa. Sasa badilisha: yule mmoja hazami, amekwama katikati ya njia nyembamba iendayo kwa wale watano, na gari haliwezi kupita ila juu yake. Hesabu ni ileile, watano kwa mmoja, nia ni ileile ya kuokoa. Lakini nani atakanyaga mafuta? Anayeachwa anakosa msaada ambao hakuwa na dai la kwanza juu yake. Anayekanyagwa ananyang'anywa uhai wake mwenyewe.

Huko ni kwenye mifano ya kubuni. Kesi iliyoipeleka istilahi hii mahakamani ni ya kijana Tony Bland. Tarehe 15 Aprili 1989, akiwa na miaka 18, alikwenda kuishangilia Liverpool katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Katika msongamano uliotokea, mapafu yake yalibanwa, ubongo ukakosa hewa. Hakufa. Alipumua mwenyewe, macho yalifumbuka, lakini sehemu ya ubongo inayofikiri na kuhisi ilikuwa imekwisha. Alilala hivyo kwa zaidi ya miaka mitatu, akilishwa kwa mpira uliopita puani kushuka tumboni. Wazazi na madaktari walikubaliana kwamba ulishaji huo usitishwe, hospitali ikaomba kibali cha mahakama, na shauri likafika Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza.

Pingamizi lilikuwa zito, na Kiswahili kinalisema kwa maneno matatu: kumuua kwa njaa. Mzazi akimfungia mtoto ndani bila chakula, hakuna anayesema amemwacha afe. Tunasema amemuua kwa njaa, ingawa mkono wake haukumgusa. Sheria ziko pamoja na lugha hapo. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, sawa na cha 196 cha Tanzania, kinalihesabu kuwa ni mauaji kusababisha kifo kwa dhamira ovu, kwa tendo au kwa kuacha kutenda kinyume cha sheria. Mwenye wajibu wa kulisha hana pa kujificha ndani ya neno "kuacha". Kwa hiyo swali la kesi ya Bland halikuwa tu kama daktari anatenda au anaacha. Lilikuwa pia kama bado ana wajibu.

Februari 1993 majaji walijibu kwamba kulisha kwa mpira ni sehemu ya matibabu, na kwamba matibabu yasiyomfaidi mgonjwa kwa lolote si wajibu tena. Lodi Goff akaeleza jambo ambalo ndilo kiini cha istilahi yetu. Daktari anayezima mashine ya kupumulia, alisema, yuko sawa na daktari ambaye hakuiwasha tangu mwanzo: anasitisha msaada wake mwenyewe. Lakini mtu baki akipenya wodini akaizima mashine ileile, huyo ameua. Kidole ni kimoja, swichi ni moja, na matokeo ni mamoja. Na hapohapo jaji akasema daktari akichoma sindano ya kuua, hata kwa huruma, amevuka mpaka. Lodi Mustill, aliyekubaliana na uamuzi, hakuficha maumivu yake: aliona kwamba kimaadili njia hizo mbili hazitofautiani, na kwamba sheria inabaki imepinda. Mpira ukaacha kutumika, na Bland akafariki tarehe 3 Machi.

Inakuwaje kitendo kimoja kiwe kuachia kwa huyu na kuua kwa yule? Mwaka huohuo wa 1993 Jeff McMahan alitoa jibu ninaloliona bora, nami nalieleza kwa kisima. Mtu ananing'inia kisimani, juu umeishika kamba yake. Mpita njia asiyekuja kukusaidia amemwacha. Wewe mikono ikifa ganzi ukafungua vidole, umemwachia: umeondoa msaada wako, ambao ulipaswa kuendelea kutolewa kila dakika ili ufae. Mtu wa tatu akija na panga akaikata kamba, ameua, kwa sababu msaada aliouondoa si wake. Na ukishaifunga kamba kwenye mnazi, mtu akawa salama bila jasho lako, halafu usiku ukarudi ukaifungua? Kamba ni yako, lakini msaada ulikwisha kutimia. Hapo kusema "nimemwachia tu" hakutakuokoa. Ukifungua fundo lile umeua.

Kuachia, basi, kuna masharti mawili: msaada uwe wa anayeuondoa, na uwe bado haujajitegemea. Mashine ya kupumulia inayohitaji umeme, oksijeni na wauguzi zamu baada ya zamu ni vidole vilivyoshika kamba. Na kuachia hakuhalalishi kitu peke yake. Aliyechoka mikono na aliyefungua vidole ili arithi shamba wote wameachia, lakini wa pili ana kesi ya kujibu.

Nilimsomea muuguzi mmoja wa wodi ya wagonjwa mahututi sentensi ya yule mfasiri, akatikisa kichwa. "Kaka, sisi huwa tunasema amenifia." Nikamuuliza kama husema hivyo hata pale mashine ilipozimwa kwa uamuzi wa jopo. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, hasa hapo.

Katika rasimu nimeandika: "Madaktari walisitisha msaada wa kupumua, wakamwachia afariki." Kurasa kumi mbele kuna mgonjwa wa saratani anayeomba betri ya moyo izimwe, ile iliyoshonewa chini ya ngozi ya kifua na inayofanya kazi miaka bila mkono wa mtu. Daktari ndiye aliyeiweka, lakini sasa inafanya kazi yenyewe, kama kamba iliyokwisha kufungwa mnazini, na mwenye kifua ndiye anayeikataa. Pale nimeandika "kuachia" kwa penseli, na pembeni yake nimeandika "kuua", bado sijafuta hata moja.