Jibu Haliko Kwenye Mstari

Mwaka jana nilipata kazi ya kutunga maswali ya ushairi kwa kitabu cha marudio cha kidato cha nne. Malipo yalikuwa kwa kila swali. Nilikuwa nimeacha chuo, kodi ya nyumba imechelewa, nikaona hii ni kazi ya usiku mmoja tu. Nikatuma maswali kumi. Mhariri, mwalimu mstaafu, akakataa tisa.

"Kijana," akaniambia kwenye simu, "mtu asiyeelewa shairi lako hata kidogo atapita haya maswali."

"Kivipi, Mwalimu?"

"Atachukua neno lililo kwenye swali, alitafute ndani ya shairi, halafu anakili mstari wote. Umempa alama za macho, si za akili."

Iliniuma, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyopita mimi mwenyewe shuleni. Ubeti wenyewe nilikuwa nimeutunga, maana kutumia shairi la mtu kunahitaji idhini:

Jioni taa nawasha, nateleka chungu changu
Sahani mbili naosha, yake naweka na yangu
Majirani wamechosha, pole zao si za kwangu
Komeo sijalishusha, hadi arudi mwenzangu

Swali langu la kwanza lilikuwa: "Kwa nini nafsineni hajashusha komeo?" Jibu ni mstari wa nne, neno kwa neno. Nikadhani dawa ni rahisi, niulize kitu ambacho hakijaandikwa. Nikabadilisha: "Nafsineni ana hisia gani?" Mwalimu akarudisha hilo pia, na safari hii akaniambia nikasome habari za Richards.

I. A. Richards alikuwa mhadhiri wa Kiingereza pale Cambridge miaka ya 1920. Aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mshairi, akawaomba waandike kwa uhuru walivyoyaelewa, kisha akakusanya karatasi zao. Mwaka 1929 alichapisha kitabu, Practical Criticism, chenye mashairi 13 na maoni ya wasomaji hao. Hawa walikuwa vijana wasomi, lakini matokeo yalimshtua. Wengi hawakuweza kueleza hata maana ya kawaida ya shairi, yaani nani anasema nini. Wengine walitoa kile alichokiita jibu la mazoea. Waliona mada, wakatoa hisia waliyozoea kuwa nayo kuhusu mada hiyo, bila kuangalia shairi hili linafanya nini.

Hapo nikaelewa kosa langu la pili. Ukimwuliza mwanafunzi hisia za mtu aliyeachwa peke yake, ataandika "huzuni" kabla hajamaliza kusoma. Hajanakili mstari wowote, sawa, lakini hajausoma ubeti pia. Kwa hivyo kuzuia kunakili hakutoshi. Swali linaweza kuziba mlango wa mbele likaacha dirisha wazi.

Kuna dirisha lingine, na hili ni la hapa kwetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Gerezani alitunga mashairi, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga. Ndani yake kuna shairi liitwalo "Mamba", na mapema kabisa mshairi anasema amelifumba, kazi ya kulifumbua ni ya msomaji mwenye uwezo.

Sasa ukiuliza "Mamba ni nani?", hakuna mstari utakaojibu. Linaonekana swali zuri. Lakini mwanafunzi aliyeambiwa darasani kwamba mshairi alifungwa na serikali ataandika "ni serikali" bila kufungua ukurasa. Unapima kumbukumbu ya historia. Historia hiyo ni muhimu, ila ikitumika badala ya kusoma, fumbo linageuka kuwa jibu la kukariri. Afadhali kuuliza: "Ni sifa gani za mamba huyu zinazomfaa mtu kuliko mnyama? Eleza sababu." Hapo hata anayejua kisa cha Abdilatif lazima arudi kwenye shairi.

Basi nikajiwekea majaribio matatu kabla ya kutuma swali lolote. La kwanza, je, anayenakili tu atapata alama? La pili, je, asiyeusoma ubeti atapata alama kwa mazoea? La tatu, je, anayejua habari za mshairi tu atapata? Jibu likiwa "ndiyo" hata mara moja, nafuta.

Nikarudi kwa ubeti wangu. Kilichofichwa ni kwamba nafsineni na majirani hawakubaliani kuhusu kilichomtokea huyo mwenzake. Nikaandika: "Neno gani linaonyesha kwamba nafsineni ana hasira?" Nikalifuta mwenyewe. "Neno gani" ni kunakili tena, na hasira nimeshamtajia. Mwishowe nikatuma hili:

"Majirani wanaamini jambo ambalo nafsineni hataki kulikubali. Ni jambo gani? Tumia ishara mbili kutoka kwenye ubeti, na ueleze kila moja kwa maneno yako. (Alama 3)"

Alama moja ni ya dai, na moja kwa kila ishara iliyoelezwa. Kutaja "pole" hakutoshi, lazima useme kwamba pole hupewa mtu aliyepatwa na msiba au balaa, kwa hivyo majirani wanaona huyu mtu hatarudi. Kutaja sahani mbili hakutoshi, lazima useme kwamba anayeendelea kupanga ya pili anaishi kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nikaandika pia jibu la kukataliwa: "mwenzake amesafiri kikazi". Mtu wa safari ya kawaida hapewi pole mpaka zikuchoshe. Kwenye mwongozo nikaandika dai linalokubaliwa: "mwenzake amefariki".

Mwalimu akalipitisha, ila akasema, "Mjaribishie mtoto wa mtu kwanza." Nikampelekea binti wa jirani, yuko kidato cha tatu. Akasoma mara mbili, akaandika kwamba mwenzake nafsineni amefungwa jela. Ishara zake: majirani wanatoa pole kama kwamba ameshakufa, na nafsineni anasema pole hizo si zake kwa sababu anajua yuko hai, ataachiliwa tu.

Nilikuwa nishaweka kalamu nimpe sifuri kwa dai. Mwongozo wangu ulisema kifo. Nikautafuta kwenye ubeti mstari unaomkanusha, nikaukosa. Zaidi ya hayo, alikuwa ameeleza "si za kwangu" vizuri kuliko mimi niliyeyaandika. Ubeti hausemi kifo. Nilikuwa nimeliingiza mwenyewe, jibu la mazoea kama la wale vijana wa Cambridge.

Nikampa tatu kwa tatu. Halafu nikarekebisha mwongozo: "Kubali kifo, kifungo, kutoweka au kuachwa, mradi ishara zinalibeba dai." Nikampigia Mwalimu kumwambia.

"Sasa hilo ni swali," akasema. "Andika mengine tisa."